Nguzo 23 kati ya 60 zimeoza kwa chini ndani ya miaka minne. Zege, chuma, miti hai au nirudie za dawa?

Kijiti
Wakuu habari zenu, naomba msaada wa mawazo kwa aliyewahi kuzungushia kiwanja fensi. Miaka minne iliyopita nilizungushia kiwanja changu cha mita 50 kwa 40, nikaweka nguzo 60 za mkaratusi zilizotiwa dawa, zile za kijani, kila moja ya mita 2 na nusu na nafasi mita 3 kati ya nguzo na nguzo, halafu mistari mitano ya seng'enge. Muuzaji aliniambia zitakaa miaka 20. Wiki iliyopita mbuzi wa jirani kaegemea tu waya, nguzo ikaenda chini yenyewe, nikaanza kuzitikisa moja moja nikakuta 23 zimekatika au zinacheza. Kwa juu ukiziangalia nzima kabisa, kijani kabisa, ila pale usawa wa udongo zimekuwa kama sifongo.

Sasa sitaki kurudia kosa. Nimeulizia bei, nikiihesabu nguzo ya mti kuwa ni moja, basi ya zege ikiletwa mpaka kiwanjani inafika karibu mbili, na ya chuma cha zinki karibu tatu. Miti hai ni kazi ya mikono tu. Nipi hapo ambayo haitanirudisha hapa tena?

fundi_zege
Mkuu weka zege uache mawazo. Zege halina mchwa, halina kuoza, halina moto. Mti ni mti tu hata ukiupaka nini, udongo utaula.

Mama wa Watatu
Pole sana kaka. Mimi kwangu nina banda la kuku, nguzo za mti wa kawaida bila dawa, mwaka wa sita huu zipo tu. Labda ni mbao mbovu walikupa? Halafu seng'enge ya mistari mitano kwa mbuzi ni michache, hata mimi walikuwa wananipitia hapo kati, niliongeza miwili kule chini.

Kijiti
Mama nashukuru, ila mbuzi sio shida yangu kubwa, waya uko sawa, shida ni nguzo kuoza. Na la kwako nadhani ni banda, lina paa, hizi zangu zinanyeshewa.

mzee_mtambo
Ndugu Kijiti, usikimbilie kubadilisha aina ya nguzo kabla hujajua hizi zimekufa kwa nini. Nimefanya kazi miaka 11 kwenye mtambo wa kutia nguzo dawa na kesi kama yako nimeziona nyingi. Nijibu maswali matatu tu. Moja, nguzo zilikuja zote urefu uleule au fundi alizikata? Pili, kama alikata, upande uliokatwa uko juu au ndani ya shimo? Tatu, alizimwagia zege au alishindilia udongo? Na uchimbue moja nzima na moja iliyooza uzilaze pembeni pembeni uangalie ncha zake za chini.

OiliChafu
Mambo yasiwe mengi wakuu. Njia ya wazee, unachoma ncha ya nguzo kwenye moto mpaka iwe mkaa, kisha unaichovya kwenye oili chafu ya gari siku mbili. Baba yangu kafanya hivyo miaka yote, nguzo hazina hata mchwa mmoja.

mzee_mtambo
OiliChafu kuna ukweli ndani yake ila si wote. Oili inafukuza mchwa kwa muda na inazuia maji kidogo, hilo nakubali. Ila haiingii ndani, inakaa kwenye ngozi ya mti milimita chache, nguzo ikipasuka na jua ule ufa unapita oili na kwenda mpaka kwenye mti mtupu. Na kuchoma kunakula mti mzuri wa nje na kuacha mkaa wenye nyufa. Mkaa wenyewe hauozi, ila kile kilicho nyuma yake kinaoza kama kawaida. Nguzo za baba yako naamini zilikuwa za mti mgumu wenyewe, mti ukiwa na moyo mgumu unajilinda hata bila oili. Halafu oili ile inashuka kwenye udongo, kama kuna kisima au bustani karibu sikushauri kabisa.

OiliChafu
Ni kweli mzee ilikuwa miti ya porini migumu, sio mkaratusi. Ila mchwa hawakugusa, hilo nimeona kwa macho.

Kijiti
Mzee mtambo nimerudi, leo asubuhi nilichimba na kijana wangu mpaka saa sita. Nakwambia nilichoona mpaka sasa sijatulia. Nguzo zilikuja za mita 3, fundi alikata nusu mita kwa msumeno ili zilingane, ila kijana aliyekuwa anabeba alikuwa anaingiza shimoni upande wowote. Katika zile 23, 19 zote zimewekwa upande uliokatwa chini. Ukiangalia ncha unaona duara la kijani pembeni unene kama kidole gumba, katikati kote kahawia na kumeoza, unaweza kuchimba na kijiko. Nne zilizobaki hazikukatwa chini ila ziko kwenye kona ya bondeni ambako maji yanasimama, na hizo fundi alizimwagia zege kidogo kuzunguka. Zile nzima nilizochimba tano zote upande uliokatwa uko juu.

mzee_mtambo
Sasa tumefika. Sikiliza ndugu, na wengine mnaosoma.

Dawa haiingii nguzo nzima. Kwenye mkaratusi inaingia kwenye ule mti laini wa nje, ndilo hilo duara la kijani uliloliona. Moyo wa katikati unakataa dawa hata ukiusukuma kwa presha. Lakini kwenye ncha mbili dawa inapanda kwa kufuata nyuzi, maana nyuzi za mti ni kama mirija, kwa hiyo ncha kama ilivyotoka mtamboni ina kinga zaidi kuliko mahali pengine popote. Fundi wako alipokata nusu mita alitupa kile kipande kilichokunywa dawa vizuri kuliko vyote, akafungua moyo mtupu, halafu akauzika. Vimelea vya kuoza vikaingia kupitia katikati vikapanda juu, nje kijani ndani hakuna kitu. Ndiyo maana ulikuwa unaona nzima.

Na kwa nini inakatikia usawa wa udongo wakati uozo uliingilia chini? Kwa sababu kuoza kunataka maji na hewa kwa pamoja. Juu kuna hewa ila panakauka. Chini kabisa kuna unyevu ila hewa haba, kwa hiyo pale kazi inakwenda taratibu. Pale juu juu ya udongo, kuanzia kama sentimita 10 juu ya ardhi mpaka 30 chini yake, vyote vipo mwaka mzima, na hapo hapo ndipo waya unapovuta na upepo unapoisukuma nguzo. Nguzo yoyote utakayochagua, iwe mti, chuma au zege, jiulize kwanza hapo patakuwaje.

Zile nne za bondeni ni kosa lingine. Zege likimwagwa kuzunguka nguzo ya mti na juu likaachwa bapa au limebonyea linakuwa kikombe. Mti ukikauka unanywea, kunabaki mwanya mwembamba, maji ya mvua yanaingia humo na hayatoki. Ni kama umeiloweka nguzo.

fundi_zege
Hapo kwenye zege sikubaliani moja kwa moja. Mimi naweka zege kwenye nguzo za mti kila siku, siri ni usiweke chini ya nguzo. Chini unaweka kokoto kama sentimita 10 maji yashuke, nguzo inakaa juu ya kokoto, zege pembeni tu, na juu unalipandisha juu ya ardhi kidogo na kulichonga liteleze maji yaende nje. Kwenye udongo wa kichanga bila zege nguzo inalala.

mzee_mtambo
Kwenye kichanga nakuelewa fundi. Kwenye udongo wa kawaida mimi bado nashindilia udongo na kokoto kwa tabaka, kila sentimita 15 unapiga na mti mzito mpaka inagoma kushuka. Ikioza unaichomoa bila kuvunja zege. Kila mtu na shamba lake, hapo hatutamalizana leo.

Kijiti
Kwa hiyo mzee nirudie tu nguzo za dawa? Na bei ya zege ni mara mbili tu, je si bora nimalizane nayo?

mzee_mtambo
Usilinganishe bei ya nguzo peke yake. Weka na kazi ya shimo na kusimamisha, halafu gawa kwa miaka. Tuseme kazi ni nusu ya bei ya nguzo ya mti. Zile zako zilizokatwa zimekugharimu moja na nusu kwa miaka minne. Zingewekwa sawasawa, tuseme zifike miaka 15 tu, tena hapo sijazidisha, zingekuwa karibu robo ya gharama hiyo kwa mwaka. Zege ukilipa mbili na kazi yake nzito zaidi, ikakaa miaka 30, inaangukia karibu palepale na nguzo ya mti iliyowekwa vizuri. Kwa hiyo kati ya mti mzuri na zege nzuri tofauti ni ndogo sana kwa mwaka, hasara yote iko kwenye kuweka vibaya. Na kumbuka kubadilisha nguzo moja ndani ya fensi ni kazi kubwa kuliko kusimamisha mpya, unalegeza waya, unang'oa kisiki kilichobaki shimoni, unakaza tena.

Ukinunua za mti tena angalia vitu hivi. Iwe ya mviringo, isiwe imechongwa ikawa ya pembe nne, maana ukichonga unatoa ule mti laini wenye dawa. Omba wakukatie moja mbele yako uone duara limeingia kiasi gani, likiwa jembamba kama ganda la chungwa ondoka. Na angalia nyufa. Nguzo iliyotiwa dawa ikiwa bado mbichi inakuja kupasuka baadaye juani, ukichungulia ndani ya ufa unaona mti mweupe sio kijani, hiyo maji na mchwa watapita hapo. Kama lazima ukate, upande uliokatwa uwe juu, uukate kwa mshazari au uufunike kipande cha bati, na upake dawa ya kupaka yenye shaba.

Na vile vipande vya kijani mlivyokata MSIPIKIE. Dawa ile ina aseniki, moshi wake na majivu yake ni sumu.

Mama wa Watatu
Jamani sisi tumewahi kupikia! Sikujua kabisa, asante mzee, nitavitoa jikoni leo leo.

upepo_wa_bahari
Nitoe na ya kwangu upande wa chuma. Mimi nipo karibu na bahari, niliweka mabomba ya chuma yenye zinki, ukuta wa bomba milimita 1 na nusu, nikachomelea vipande vya kushikia waya. Mwaka wa tatu kutu ilianzia palepale kwenye weldi maana moto unaunguza zinki, na mimi sikupaka kitu. Mengine yalioza kutoka ndani, juu yalikuwa wazi mvua inaingia, chini nimeziba na zege, maji yakakaa humo kama kwenye chupa. Ukiligonga kwa chini lilikuwa linatoa sauti ya bati la debe. Sasa hivi nimeweka chuma cha engo cha 50 kwa 50 unene milimita 5, hakina tundu ndani, nimetoboa matundu ya waya kabla hakijapelekwa kutiwa zinki, na kuanzia sentimita 15 juu ya ardhi kushuka nimepaka lami mikono miwili. Mwaka wa tano, safi. Ila ni ghali, sikatai.

fundi_zege
Umesema kweli ndugu, chuma nacho kinafia usawa wa udongo. Na ili nisionekane navutia kwangu tu, zege nayo inakufa, watu hawasemi. Haiozi ila nondo ndani ikishika kutu inavimba na kuipasua. Ukiona ufa ulionyooka kwa urefu wa nguzo na rangi ya kutu inatoka, hiyo imeanza, huwezi kuirudisha.

Kijiti ukitaka kujifyatulia mwenyewe, nguzo ya sentimita 10 kwa 10 urefu mita 2.4 inabeba nondo nne nyembamba na ringi. Kata nondo mita 2.35, ya mita 12 inakupa vipande vitano, kwa nguzo 60 ni nondo 48. Saruji kwa mchanganyiko wa ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 3 za kokoto ndogo ni kama mifuko 12 ya kilo 50. Kosa kubwa ni nondo kukaa pembeni, lazima kila upande iwe na zege la sentimita 2 na nusu juu yake, wewe fyatua vijiwe vidogo vya saruji vya unene huo uzilaze juu yake, mawe ya barabarani hayalingani. Mchanga usiwe wa baharini, chumvi yake inakula nondo. Maji kidogo, mchanganyiko ukiwa uji nguzo itakuwa na vitundu. Funika na magunia, mwagia maji siku 7, usizisimamishe kabla ya wiki 4. Moja ina uzito wa karibu kilo 58, kwa hiyo ukinunua mbali nyingi zitapata ufa garini kabla hazijafika, hapo ndipo bei inapoharibika.

bibi_minyaa
Mbona miti hai mmeiruka wajukuu? Fensi yangu ina umri kuliko baadhi yenu humu. Mti hai hauozi kwa sababu unaishi, mwisho wa habari.

Kijiti
Shikamoo bibi. Naomba utufundishe, mimi nilidhani unachomeka tu vijiti.

bibi_minyaa
Marahaba. Kuchomeka ndiyo ila kuna namna. Mimi nimetumia mgliricidia na mbono kaburi, na upande wa nyuma minyaa. Unakata fito nene kama mkono wako, mita 2 mpaka 2 na nusu, iliyokomaa isiwe changa. Chini unakata mshazari, unaiegemeza kivulini siku chache kidonda kikauke, ukiiingiza inachuruzika utomvu inaoza shimoni. Unazika kina cha nusu mita mwanzo wa mvua, na usigeuze juu chini. Katika kumi tegemea mbili tatu zisishike, kwa hiyo panda karibu karibu, mita 1 au chini yake. Waya USIUKAZE mwaka wa kwanza, mizizi haijashika, utazilaza zote.

Na msumari wa waya usipige moja kwa moja kwenye mti. Mti unanenepa unaumeza waya, nilikuwa na mistari imeingia ndani ya shina kama mfupa, ukitaka kuvuta unakata waya. Piga kipande cha ubao kwanza kwenye mti, waya ushike kwenye ubao, ubao ukimezwa unabadilisha ubao. Punguza matawi mara mbili kwa mwaka, mbuzi wanakula ya mgliricidia. Minyaa muwe waangalifu na maziwa yake, yakiingia jichoni ni balaa, watoto wasichezee.

upepo_wa_bahari
Bibi na mizizi je? Jirani yangu miti ya fensi ilivunja bomba lake la maji.

bibi_minyaa
Hilo lipo. Usiipande juu ya bomba wala karibu na msingi wa nyumba, na mahindi ya mstari wa kwanza karibu na fensi hayatakuwa mazuri, inakunywa maji. Hiyo ndiyo gharama yake, hailipwi dukani ila inalipwa.

mzee_mtambo
Bibi kasema vizuri. Kijiti mimi ningekuwa wewe nisingechagua moja. Kona nne na lango ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya, hapo weka zege au engo nene na mihimili ya mshazari. Katikati acha zile nguzo za dawa 37 zilizo nzima, kwenye mapengo panda miti ya bibi sasa hivi, nguzo za dawa zitakapokuja kuchoka miti itakuwa imeshika. Ila kabla hujaziamini hizo 37 pima zote. Chimbua udongo kuzunguka sentimita 15, chukua bisibisi uichome kwa mshazari kushuka chini. Ikigoma au ikiingia kidogo sana kwa nguvu ni nzima. Ikizama kama kwenye mkate, ihesabu imekufa. Usiishie kuitikisa tu, nguzo inaweza kuwa imesimama kwa ganda la kijani peke yake.

fundi_zege
Wazo la kona nakubali. Ila kule bondeni usiweke mti wa aina yoyote wa dawa, weka zege.

bibi_minyaa
Na minyaa bondeni usiweke, haipendi maji kusimama.

Kijiti
Nimepima zote jana jioni. Katika 37, 6 nyingine bisibisi imezama, nilizichimbua, 5 kati yake zimekatwa chini kama zile nyingine, moja ina ufa mrefu na ndani nyeupe kama mzee alivyosema. Kwa hiyo nina 31 za kuaminika na mapengo 29. Nitafyatua za zege 12 kwa kona, lango na bondeni, mapengo 17 yaliyobaki nitaweka fito za mgliricidia tatu tatu kila pengo, mvua zinaanza mwezi ujao. Mpaka hapo waya wa mapengo hayo nitaushikilia na vigingi vya muda.

Swali langu moja, hizi nguzo 29 zilizooza kwa chini, juu bado zina mita 1 na nusu ya mti mzuri wa kijani. Naweza kuzitumia kwa kitu gani kisichogusa udongo?

upepo_wa_bahari
Mihimili ya mshazari ya kona, mguu ukiuweka juu ya jiwe au zege usiguse udongo. Mimi nilifanya hivyo.

mzee_mtambo
Sawa, ila kata mpaka ufike kwenye moyo mgumu kabisa, uozo unapanda juu kuliko unavyoonekana. Na vumbi la msumeno funika pua na mdomo, kisha ulikusanye, usiliache mbuzi walilambe.